Taipureta Iliyopoteza Jina

Picha ya kwanza ilinifikia kwenye simu saa tatu usiku, na chini yake ujumbe: "Shikamoo mzee. Hii ni mashine ya marehemu babu. Nimeambiwa unazijua. Imeandikwa jina la kampuni ya Nairobi, lakini nikilitafuta sioni kampuni ya taipureta yenye jina hilo. Ni ya nchi gani?"

Aliyeandika ni kijana wa Tanga. Babu yake alikuwa karani wa shamba la mkonge, na familia ilikuwa inagawana vitu vya nyumbani. Nikaitikia marahaba, nikaivuta ile picha kwa vidole. Mashine ndogo ya kijivu, bapa, vumbi limejaa katikati ya vitufe. Kwenye ubao wa nyuma unaoegemea karatasi palikuwa na kibandiko kidogo cha dhahabu chenye jina la duka na sanduku la posta la Nairobi. Hicho ndicho alichokisoma.

Kosa hilo nimekutana nalo mara nyingi. Taipureta nyingi zilizofika Afrika Mashariki zilipitia kwa mawakala, na wakala alikuwa akibandika jina lake mahali ambapo mteja angeliona kila akipachika karatasi, ili mashine ikiharibika ajue pa kuipeleka. Kibandiko cha wakala kinakwambia iliuzwa wapi. Hakikwambii nani aliiunda. Ukiona jina limeambatana na mtaa, sanduku la posta au namba ya simu, hilo ni duka. Kiwanda kwa kawaida huandika jina lake kwa herufi kubwa za urembo mbele, na mahali pengine padogo zaidi huandika mji na nchi.

Kwenye mashine ya Tanga mbele palikuwa patupu. Kulikuwa na kivuli tu, sehemu ambayo rangi haikupauka sana, kama ukuta ulioondolewa picha. Jina lilikuwepo likafutika. Ikabidi tuanze na vilivyobaki.

Nilimwomba picha tano: ya mbele, ya juu ikionyesha vitufe vyote, ya ubavuni, ya nyuma, na ya tumboni baada ya kuigeuza. Nikamwambia apige mchana karibu na dirisha, bila mmweko wa simu, kwa sababu mmweko hugonga chuma na kufuta kabisa kile unachokitafuta. Asimame hatua mbili nyuma kisha avute picha, maana simu ikisogezwa karibu sana huvimbisha kitu katikati, na umbo la mashine ndilo ushahidi wetu. Pembeni aweke rula ya shule. Tena asitumie kamera ya mbele ya simu, kwa kuwa baadhi yake hugeuza maandishi, na kuna mtu aliyewahi kunisumbua siku nzima na nembo iliyosomeka kinyumenyume.

Jambo la mwisho nililomsisitizia ni kwamba asiisafishe. Majina mengi kwenye mashine hizi si ya kuchongwa. Ni karatasi nyembamba ya rangi iliyohamishiwa kwenye chuma, na kitambaa chenye spiriti au dawa ya kung'arishia shaba huiondoa kwa mkupuo mmoja. Nadhani hivyo ndivyo jina la mbele lilivyopotea: mtu mwema wa nyumbani alitaka mashine ya mzee ipendeze.

Picha zikaja asubuhi. Nikaanza na vitufe, ingawa najua vitufe ni mashahidi wanaopenda kusema zaidi ya wanayoyajua.

Safu ya juu ya herufi, kutoka kushoto, ilisomeka QWERTY. Huo ni mpangilio wa Kiingereza. Ingesomeka QWERTZ, pamoja na Ä, Ö na Ü upande wa kulia, ingekuwa imepangwa kwa ajili ya Wajerumani. AZERTY ni ya Kifaransa, na QZERTY ni ya Kiitaliano. Watu wengi huishia hapo wakadhani wamepata kiwanda. Kumbe wamepata mnunuzi. Viwanda vikubwa vilitengeneza mwili mmoja na kuuvisha herufi za kila soko. Kwa hiyo Olympia ya Wilhelmshaven, Ujerumani, iliyouzwa Bukavu au Bujumbura inaweza kuwa na AZERTY, kwa sababu ofisi za Wabelgiji ziliandika Kifaransa, na pacha wake aliyeuzwa Mombasa akawa na QWERTY. Aliyeshika AZERTY akasema ana mashine ya Ufaransa anaweza kuwa amekosea nchi mbili kwa pamoja.

Kwenye mashine ya Tanga kulikuwa na alama ya pauni, na pembeni sehemu kama nusu na robo. Kwa hiyo soko lake lilikuwa la Uingereza au makoloni yake. Kitufe cha namba 1 hakikuwepo, na kijana alidhani kimeng'oka. Hakikung'oka. Viwanda vingi viliokoa nafasi kwa kuacha namba 1, na mpiga chapa alitumia l ndogo mahali pake. Walimu wa taipu waliwafundisha hivyo wanafunzi, ndiyo maana wazee wengine hadi leo wakiandika namba kwenye kompyuta hubonyeza l na kushangaa hesabu inakataa.

Kuna vitufe vinavyosema kuhusu kiwanda moja kwa moja, ila ni vichache. Kitufe kimoja chekundu kwenye mashine nyembamba yenye vitufe vyeusi vya mviringo hunifanya niwaze Olivetti Lettera 22, iliyotoka Ivrea, Italia, mwaka 1950. Vitufe vya kijani juu ya mwili wa kijani uliojaa mviringo kama kobe hunipeleka kwenye Hermes 3000 ya Uswisi. Vitufe vya duara vyenye kioo juu na pete ya chuma inayong'aa kandokando haviashirii kiwanda chochote, kwa kuwa karibu wote walivitumia kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Hivyo vinanionyesha umri tu. Vya kwetu vilikuwa vya plastiki, vimebonyea kidogo katikati, havina cha ajabu. Nikaviacha.

Picha ya ubavuni ndiyo iliyonifanya niinuke kitini. Kwa rula, mashine haikuzidi sentimita 6 au 7 kwa kimo. Taipureta ya kawaida ya kubeba ni nene kuliko hivyo. Mwili ulikuwa wa bati lililokunjwa, na kifuniko, alichokipiga picha pembeni bila kuombwa, kilikuwa cha bati vilevile, kinachofunika mashine nzima kama kifuniko cha sufuria na kugeuka kuwa mkoba wenye mshikio. Umbo hilo nalijua. Ni la Hermes Baby, iliyobuniwa na Giuseppe Prezioso na kutolewa mwaka 1935 na kampuni ya Paillard ya Yverdon, Uswisi. Waandishi wa habari na wasafiri waliipenda kwa sababu iliingia kwenye begi la kawaida.

Nilimwomba jambo moja la kuhakikisha, ambalo picha iliyosimama haiwezi kuonyesha: abonyeze kitufe cha herufi kubwa huku akirekodi video. Kwenye mashine za namna hii kuna njia mbili za kupata herufi kubwa. Ama gari zima linalobeba rola na karatasi hunyanyuka, ama gari hubaki palepale na kapu la vikono vya herufi ndilo linaloshuka. Hermes Baby hunyanyua gari. Lettera 22, ambayo nayo ni nyembamba, hushusha kapu. Njia hiyo hutenganisha hata ndugu wa tumbo moja: Olympia SM3 hunyanyua gari, na mdogo wake SM9 hushusha kapu, wakati kwa macho ya mgeni zinafanana. Video ikaja, gari likanyanyuka kwa kusitasita huku vumbi likidondoka. Nikaandika kwa kujiamini: "Mwanangu, hiyo ni Hermes Baby. Ya Uswisi."

Nilikuwa nimeharakisha. Bado sikuwa nimeitazama vizuri picha ya nyuma.

Jioni nikaifungua kwenye skrini kubwa. Chini kabisa, juu ya rangi ya kijivu yenye vijipele, palikuwa na mstari hafifu uliofanana na uchafu. Nikamrudia kijana: usiku, zima taa, washa tochi na uilaze karibu ubapa na chuma ili mwanga upite juu ya rangi kutoka ubavuni, kisha upige picha. Mwanga wa namna hiyo huinua kila kovu. Herufi iliyobanduka huacha ukingo mwembamba sana, na ukingo huo hutupa kivuli.

Picha ikarudi. Neno la kwanza halikusomeka. La pili lilianza na mkwaruzo, na mwisho wake likabaki MWICH. Baada yake mkato, halafu ENGL, kisha rangi imekatika.

England, basi. Na mji wa huko unaoishia hivyo, wenye kiwanda cha taipureta, ni West Bromwich. Pale palikuwa na kampuni iitwayo British Typewriters, iliyopata leseni ya kuunda Baby ya Waswisi na kuiuza Uingereza na makoloni kwa jina la Empire. Mwanzo waliiita Empire Baby kama mama yake, na baadaye wakaja na Empire Aristocrat. Bati ni lilelile kwa sehemu kubwa, mitambo ni ileile, ila jina na nchi ni vingine. Umbo lilinipa ukoo sahihi na mtoto asiye sahihi. Nikamwandikia tena kijana kukiri kosa, naye akanijibu kwa heshima ambayo nilihisi ina kicheko ndani yake.

Ndugu wa namna hii ni wengi, na ndio wanaofanya kazi hii isiwe ya kusoma jina tu. Baada ya vita, kiwanda cha Olympia cha Erfurt kilibaki upande wa Ujerumani Mashariki, na wenzao wakaanza upya Wilhelmshaven, upande wa magharibi. Wote wawili walitaka jina. Wa magharibi wakashinda, na Erfurt ikalazimika kujiita Optima. Kwa hiyo Optima ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ni damu ya Olympia ya zamani, na jina lake halikwambii hivyo. Underwood nayo, iliyokuwa fahari ya Marekani, ilichukuliwa na Olivetti mwaka 1959, na baada ya hapo unaweza kuona jina la Underwood likiwa limekaa juu ya mwili wa Kiitaliano. British Typewriters wenyewe hatimaye walinunuliwa na Smith-Corona ya Marekani. Ndiyo sababu nchi iliyoandikwa kwa herufi ndogo nyuma naiamini kuliko jina kubwa la mbele. Jina liliwahusu watu wa biashara, na lilihamishwa kama wao walivyotaka. Nchi iliandikwa kwa ajili ya forodha. Tena kwa Ujerumani nchi hukupa hata umri: ikiandikwa Ujerumani Magharibi, mashine haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1949, na ikitajwa kanda ya Wamarekani au ya Waingereza, ni ya miaka michache ya ukaliaji baada ya mwaka 1945.

Kabla sijalala nilijiuliza swali ambalo kwa mashine za kwetu ni lazima: je, yote haya ni ya mashine moja? Mafundi wetu walikuwa hodari. Taipureta iliyokufa haikutupwa, ilikuwa stoo ya vipuri. Nimeona Imperial ya Leicester yenye gari la mashine nyingine ya Imperial, jambo ambalo halikumpa fundi taabu yoyote, kwa sababu Imperial 50 iliundwa makusudi ili gari na baraza la vitufe vitoke na kurudishwa kwa urahisi. Dalili huwa ndogo: kitufe kimoja chenye weupe tofauti na wenzake, skrubu moja yenye mfereji mpya uliotafunwa na bisibisi, rangi ya gari iliyopauka kuliko ya mwili. Ukiona namba moja imegongwa kwenye gari na nyingine kwenye fremu, uliza kabla ya kusema. Kwa mashine ya Tanga rangi ilipauka sawasawa, na vitufe vilichakaa kama vinavyotakiwa kuchakaa vya mtu anayeandika Kiswahili: A ilikuwa imelika karibu kuisha, Q na X kama za jana. Nikaridhika.

Ikabaki namba ya mashine. Kijana alikuwa amenitumia tatu, akiuliza ipi ndiyo. Namba iliyotokeza juu, iliyotoka pamoja na chuma kwenye kalibu, ni namba ya kipande, na kila mashine ya aina ile inayo. Iliyoambatana na neno la hakimiliki ya ubunifu ni ya hataza. Namba ya mashine yenyewe hugongwa kwa nyundo, kwa hiyo tarakimu zake huzama na mara nyingi hazikai kwenye mstari ulionyooka. Huwa tumboni, au chini ya gari ukilisukuma hadi mwisho wa upande mmoja, au karibu na spuli za ribini ukifungua kifuniko cha juu. Ikiwa imejaa kutu, laza karatasi nyembamba juu yake na upake penseli taratibu, kama watoto wanavyochora sarafu. Ila kumbuka kwamba namba peke yake haina lugha. Tarakimu zilezile zinaweza kuwa kwenye Remington, kwenye Royal na kwenye Empire, na kila moja ikawa ya mwaka wake. Kwanza jua kiwanda, ndipo orodha za namba walizokusanya wapenzi wa mashine hizi zikufae. Namba yake niliiandika kwenye daftari langu.

Nilidhani tumemaliza. Siku ya pili akatuma picha nyingine: "Mzee, na hii ilikuwa kabati moja na ile. Wengine wanasema rejista ya duka."

Haikuwa rejista, kwani haikuwa na droo wala mahali pa kutolea karatasi. Ilikuwa kisanduku kizito kilichojaa vitufe katika nguzo, kila nguzo ikipanda kutoka 1, na chini yake mstari wa vidirisha vya kuonyesha jumla. Nilimwambia anipigie picha kitufe kimoja karibu. Alichagua chenye 7. Juu palikuwa na 7 kubwa, na kando yake 2 ndogo. Nikamwomba chenye 4, kikawa na 5 ndogo. Kila mara kubwa na ndogo zinajumlisha 9. Hiyo ni alama ya mashine ambayo kwa ubavu wake hujumlisha tu. Ukitaka kutoa, karani alifuata tarakimu ndogo, akajumlisha kijalizo badala ya kutoa, na vidole vyake vikafanya ujanja huo bila kichwa kuhusika. Aliposogeza kamera tuliona pia kwamba vitufe vya namba witiri vimebonyea na vya shufwa ni bapa, ili kidole kijue kilipo wakati macho yako kwenye leja.

Sura hiyo ni ya Komptometa, iliyobuniwa na Dorr Felt wa Chicago aliyepata hataza mwaka 1887 na kuitengeneza na kampuni yake ya Felt & Tarrant. Ila nilishajifunza adabu na ile Empire. Waingereza waliunda Sumlock zenye nguzo za namna hiyohiyo, na Burroughs nao. Makarani waliita zote komptometa, kama sisi tunavyoita kila sabuni ya unga kwa jina la moja. Bamba ndilo la kuamua.

Kabla ya bamba, vitufe vilikuwa na jambo lingine. Upande wa kulia, nguzo ya mwisho haikuishia 9. Ilipanda hadi 11. Iliyoifuata ilikuwa na 1 hadi 9, na iliyofuata hiyo ilikuwa na kitufe kimoja tu. Hiyo ni hesabu ya pauni, shilingi na peni za Uingereza: peni 12 ni shilingi, kwa hiyo huhitaji peni zaidi ya 11, na shilingi 20 ni pauni, kwa hiyo kumi ya shilingi huandikwa mara moja tu. Shilingi ya Afrika Mashariki haikuwahi kuwa na peni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa na senti 100, na rupia iliyoitangulia nayo ilikuwa na senti 100. Mashine hii haikufaa kulipa mishahara ya wakata mkonge wa Tanga. Ilifaa hesabu zilizopelekwa Uingereza. Nikamuuliza kijana kama mwenye shamba alikuwa wa huko, akasema ataulizia kwa shangazi.

Bamba la mbele lilisomeka kwa tochi bila shida: jina la Comptometer, jina la Felt & Tarrant, Chicago, na chini yake safu ya tarehe za hataza zimepangana kama ukoo. Alitaka kuchukua ya kwanza kuwa ndiyo umri wa mashine, na kwa hesabu hiyo babu angeirithi kutoka kwa babu yake. Tarehe hizo ni za mawazo, si za chuma. Ya kuangalia ni ya mwisho kabisa, nayo inakwambia tu kwamba mashine haikuundwa kabla ya hapo. Ingeweza kuundwa mwaka uleule, ingeweza kuundwa miaka mingi baadaye kwa bamba lilelile.

Aliniomba nimwandikie kitu cha kubandika kwenye kila moja, maana zitakaa sebuleni kwa shangazi na wageni watauliza. Kwa ya kwanza niliandika: "Taipureta ya kubeba, Empire, British Typewriters, West Bromwich, Uingereza, muundo wa Hermes Baby ya Uswisi, iliuzwa Nairobi." Kwa ya pili: "Komptometa, Felt & Tarrant, Chicago; ya pauni, shilingi na peni." Sehemu ya mwaka nikaiacha wazi kwenye zote mbili, nikachora mstari wa penseli.